Jina la Zamani Lililogoma Kuondoka

Swali la usaili halijabadilika sana: buni ukurasa unaomwonyesha kila mtumiaji habari mpya za marafiki zake, na watumiaji wawe mamilioni. Majibu ndiyo yaliyobadilika. Mhandisi mmoja wa Nairobi, ambaye siku hizi anakaa upande wa wanaouliza, anakumbuka kwamba alipokuwa akianza kazi ilitosha kuchora hifadhidata ya MySQL, kuweka seva za memcached mbele yake, na kuendelea na mambo mengine.

Memcached ilikwishajijengea jina. Brad Fitzpatrick aliibuni mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, na utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Programu huanza kusoma kwenye kache. Isipokuta kitu huenda kwenye hifadhidata, kisha huacha nakala kwenye kache kwa ajili ya msomaji ajaye. Data ikibadilishwa, nakala hufutwa. Ukurasa wa habari wenyewe hutunzwa kama orodha ya namba za machapisho tu. Twitter, kwa mfano, iliweka kwenye Redis namba zipatazo 800 kwa kila mtumiaji. Maneno na majina hukaa mahali pamoja, kwa hiyo mtu akibadili jina hakuna haja ya kupekua orodha za wafuasi wake wote.

Ugumu umo katika lile neno "hufutwa".

Mwaka 2008 Jason Sobel, mhandisi wa Facebook, alieleza hadharani yaliyowakuta walipofungua kituo cha data Virginia huku hifadhidata kuu ikiwa California. Tuseme mtu amebadili jina lake la kwanza. Jina jipya linaandikwa California, na nakala ya zamani inafutwa kwenye kache za pande zote mbili. Lakini amri ya kufuta inaweza kufika Virginia kabla jina lenyewe halijafika kwenye hifadhidata ya huko. Msomaji wa kwanza anakuta kache tupu, anasoma hifadhidata iliyochelewa, na kulirudisha jina la zamani. Tangu hapo hakuna amri nyingine ya kufuta iliyo njiani, hivyo jina hilo litabaki hata baada ya hifadhidata kusasishwa.

Facebook waliirekebisha MySQL ili amri ya kufuta isafiri ndani ya mkondo uleule unaobeba mabadiliko. Virginia ikawa inafuta nakala pale tu ilipokwisha kuandika jina jipya. Ilibaki shida ya mwenye jina, ambaye angepakia ukurasa upya papo hapo na kujiona bado anaitwa vilevile. Yeye alipewa kuki ya sekunde 20, na kwa muda huo maombi yake yote yalipelekwa California. Marafiki zake wangeweza kungoja kidogo.

Mhandisi wetu anasema suluhisho hilo ndilo lililombadilishia namna ya kufikiri. Aliacha kuuliza kama data ni sahihi, akaanza kuuliza ni nani ataona ya zamani, na kwa muda gani.

Mwaka 2013 Facebook walichapisha makala ya kitaalamu kuhusu memcached yao, nayo ikafafanua hitilafu inayotokea hata ndani ya kituo kimoja. Msomaji anakuta kache tupu na kusoma jina la zamani kwenye hifadhidata. Kabla hajaliweka kwenye kache, mwingine anaandika jina jipya na kufuta. Kisha msomaji yule aliyechelewa anaweka la kwake, la zamani. Dawa ilikuwa kumpa kila anayekosa kitu tokeni ya biti 64. Amri ya kufuta ikipita katikati, tokeni hubatilika, na kache hukataa kupokea thamani yake.

Tokeni hiyo ilifanya kazi ya pili pia. Kwa kila ufunguo ilitolewa mara moja tu katika sekunde 10, na wengine wakaambiwa wasubiri kidogo. Kwa kundi moja la funguo zenye msukosuko, kilele cha maswali kwenye hifadhidata kilishuka kutoka 17,000 kwa sekunde hadi 1,300.

Siku hizi msailiwa akishayaeleza hayo, mhandisi huongeza swali: utajuaje kwamba kache yako inadanganya? Seva haitaanguka wala haitatoa ujumbe wa kosa, na msomaji hajui kwamba anachokiona kimepitwa. Meta walieleza mwaka 2022 kuhusu Polaris, huduma inayojifanya mteja wa kawaida: hupokea taarifa ya badiliko, huziuliza kache zote, na kuripoti zinazopingana baada ya muda uliowekwa, kwa mfano dakika tano. Huwa inakwepa kuiuliza hifadhidata yenyewe mpaka muda huo upite, kwa sababu ukaguzi usio na kiasi ungeirudishia hifadhidata mzigo uleule ambao kache iliwekwa kuuzuia. Wengi wa wanaosailiwa hupendekeza kwanza kulinganisha kila kitu na hifadhidata, na hapo ndipo mazungumzo huanza kunoga.