Sauti Nyuma ya Ukuta wa Matete

Mwaka 2008 kiingilio cha kibanda cha video pale Malinyi kilikuwa shilingi 100, na siku nyingi mimi na binamu yangu tuliikosa. Tukikosa, tulikwenda kukaa nyuma ya kibanda, migongo imeegemea ukuta wa matete, tukasikiliza. Picha ilikuwa ya wenye hela. Sauti ilikuwa ya wote.

Malinyi wakati huo ilikuwa bado chini ya Wilaya ya Ulanga. Gari la kutoka Ifakara lilivuka Mto Kilombero kwa kivuko, likapita Lupiro, Itete na Mtimbira, na masika yakishika bonde likawa maji matupu, gari halikufika. Wiki zikapita bila dividii mpya. Mwenye kibanda alirudia zilezile: za mapigano zilizotafsiriwa, na Jumapili mchana, kwa kuwa watoto walizipenda, filamu za wanyama.

Filamu zilizotafsiriwa hazikutupa kazi. Lufufu na wenzake walizungumza Kiswahili chetu, wakacheka na kutukana majambazi kwa niaba yetu, na kijiji kizima kiliwajua kama wajomba. Filamu za wanyama zilikuwa na Kiingereza kitupu. Tulikuwa kidato cha kwanza, tukiambulia neno moja katika kumi. Aliyesimulia hakuonekana wala hakujitaja, na jina lake lilipita mwishoni, kwenye maandishi ambayo mwenye kibanda hakuwahi kuyasubiri. Mafuta ya jenereta yalikuwa ghali. Mnyama wa mwisho akitoweka tu, alizima.

Kwa hiyo tuliwapa majina wenyewe. Mmoja tulimwita Babu.

Mchezo huu tuliuanzia shambani, juu ya dungu, tulipokuwa tukilinda mpunga usiku na mjomba. Alikuwa na redio ya betri, na kabla mtangazaji wa idhaa ya nje hajajitambulisha ilitupasa kumtaja. Tido Mhando alipokuwa BBC hakutushinda hata siku moja. Charles Hilary tulimjua awe anasoma habari au anatangaza mpira. Mjomba ndiye aliyetufundisha pa kusikiliza. Masafa mafupi, alisema, yanakula sauti: uzito unapotea, wembamba unapotea, yote inabaki kama inatoka ndani ya mtungi. Ukimtafuta mtu kwa unene wa sauti yake utamkosa. Sikiliza anavyovuta silabi ya pili kutoka mwisho, maana kila Mswahili huikazia lakini hakuna wawili wanaoivuta sawa. Sikiliza na anapopumulia. Maneno ameandikiwa, alisema, pumzi ni yake.

Nyuma ya kibanda ilikuwa vilevile. Jenereta ilinguruma karibu yetu, na mngurumo wake mzito ulifunika sehemu nzito ya kila sauti. Kilichopenya matete kilikuwa mwendo tu: wapi anaanza, wapi ananyamaza, sentensi inaishia juu au chini.

Babu alikuwa mtu wa kunyamaza. Tulipima kwa kugonga kidole gotini. Angesema maneno machache, kisha mapigo manne, matano, upepo na miguu ya wanyama tu, halafu akarudi kana kwamba hakuondoka. Na hata ndani ya sentensi moja alisita kidogo kabla ya neno zito, akaliweka mwisho kabisa. Hatukuijua maana yake, lakini tulijua kwamba ndilo. Hatari ilipokaribia wengine walipaza sauti; yeye aliishusha hadi ikawa karibu mnong'ono.

Nilikosea mara moja, na nilipoteza soda. Ilikuwa filamu ya simba, msimulizi mzee, Mwingereza, na nikasema Babu. Binamu alikataa: "Huyu hapumziki." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimesikiliza umri na lafudhi, na wazee Waingereza wenye sauti ya taratibu ni wengi mno. Wanaokosea kumtaja msimulizi hukosea hapo mara nyingi: wanamtambua mtu wa aina yake, wanadhani wamemtambua yeye.

Halafu ikaja dividii ya pili. Picha zilikuwa zilezile tulizozikariri kwa vishindo vyake: dubu mweupe akitoka pangoni na watoto, mbwa mwitu wakimkimbiza ndama, ndovu wakiifuata njia ndefu kwenda kwenye maji ya Okavango. Waliokuwa ndani walilalamika kwamba wamelipia kitu cha zamani. Sisi wa nje tulitazamana. Aliyesimulia alikuwa mwanamke.

Sijapata tena mtihani mzuri kama ule. Simulizi ya filamu huwekwa picha zikiwa zimekwisha kukatwa na kupangwa. Msimulizi huingia chumba kisichopitisha kelele, anatazama picha, na kila sentensi ina sekunde zake. Ukimya basi si wake peke yake, mkataji wa picha ameshamwachia nafasi. Hapa nafasi zilikuwa karibu zilezile kwa wote wawili, na bado walizijaza tofauti. Babu alichelewa kuingia na kuwahi kutoka. Mama, ndivyo tulivyomwita, aliingia mapema, akatembea kwa mwendo mmoja kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani, na sentensi zake zote zilitua chini polepole. Hakusita kabla ya neno zito. Baada ya Jumapili mbili tulimtambua kwa sentensi moja, hata jenereta ikiwa karibu.

Jina la Babu tulilipata kwenye karatasi ya jalada, mwalimu wetu wa Kiingereza alipotusomea: David Attenborough. Filamu ilikuwa Planet Earth ya BBC, ya mwaka 2006, sehemu 11. Baadaye padre mmoja alituonyesha kanda yake ya zamani, Life on Earth ya mwaka 1979, ile ambamo anakaa katikati ya sokwe wa milimani huko Rwanda. Sauti ilikuwa nyepesi zaidi, ya mtu mwenye miaka hamsini na kitu. Binamu hakutazama hata picha, alikuwa akifunga mlango. "Babu," alisema. Miaka 27 ilikuwa imebadilisha koo lake. Kule kusita kulibaki.

Dividii ya Mama haikuwa na jalada. Nilikaa miaka mingi bila jina lake, hadi nilipokuwa na kompyuta yangu mjini Morogoro, nikaipata ile filamu tena, na kwa mara ya kwanza maishani nikaiacha iende mpaka mwisho. Sigourney Weaver. Runinga ya Discovery ilipoionyesha Marekani mwaka 2007 iliiondoa sauti ya Attenborough na kumweka yeye.

Nililitazama jina lile nikaduwaa, maana nilimjua kwa sura. Ni yule mama wa filamu ya Aliens, anayepigana na madude ya angani. Aliwahi kuonyeshwa palepale kibandani, usiku, kwa shilingi zilezile 100, tena siku hiyo nilikuwa ndani. Lakini ilikuwa filamu iliyotafsiriwa, na kila alipofungua kinywa mtafsiri alimfunika. Niliuona uso wake bila sauti, na sauti yake bila uso, kwenye kibanda kimoja, na sikujua kwamba ni mtu mmoja.

Nilimpigia simu binamu usiku uleule. Aliniuliza kitu kimoja tu: kule kwenye mapigano anazungumza vipi? Nikaitafuta Aliens isiyotafsiriwa, nikaiweka simu karibu na spika, tukasikiliza. Kwenye makelele hakuna aliyemtambua. Alipofika mahali anapozungumza na yule mtoto, kwa utulivu, sentensi ikashuka mwishoni polepole, na binamu akasema, "Ndiye."

Nawe ukiweka filamu ya wanyama, usiizime majina yakianza kupita. La msimulizi huwa ni mstari mmoja, nalo hukaa sekunde chache tu.