Kabla ya Kushika Bisibisi

Huku Hulugho taa zikififia hatuulizani sababu, tunangoja. Kwa hiyo sikufanya pupa nilipoletewa prosesa ya Ryzen 5 5600 niitie katika tarakilishi ya pekee ya duka la uchapaji, yenye ubao mama wa B450 na prosesa kongwe ya Ryzen 5 2600. Soketi ni ile ile, AM4, ila programu iliyomo katika chipu ya ubao iliandikwa kabla prosesa mpya haijaundwa. Ningeitia hivyo hivyo, feni zingezunguka na skrini ingebaki giza.

Basi ile kongwe haing'olewi kwanza. Hiyo ndiyo itakayoendesha usasishaji. Faili, iliyolingana na jina kamili la ubao, niliiweka katika flashi ya FAT32.

Hatari i hapa: chipu hufutwa ndipo iandikwe upya. Umeme ukikatika katikati, ubao hubaki bila hata amri ya kwanza ya kuamkia. Baadhi ya mbao zina kitufe cha kuziokoa. Huu haukuwa nacho, na kifaa cha kuiandikia chipu kutoka nje hakipatikani karibu.

Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Niliunganisha betri ya akiba, nikachomoa waya ukutani huku nikitazama saa: tarakilishi ilistahimili dakika 11. Nikairejesha betri ijae, ndipo nikaanza. Dakika ya 3 taa za duka zilizimika. Asilimia zikaendelea kutambaa hadi 100, tarakilishi ikajiwasha upya, nikalisoma toleo jipya skrinini. Hapo nikaizima, nikaishika bisibisi.