Milioni Mbili Nilizozificha Kwenye Akiba

Mhasibu mwenzangu wa Dar es Salaam aliniuliza swali la maana, tena kwa wakati wake, nami nikamnyamazisha. Ilikuwa Julai 2024, tunafunga hesabu za mwaka ulioishia tarehe 30 Juni. Mimi nilikuwa Nairobi kwenye kampuni mama, kazi yangu kukusanya vitabu vya kampuni tanzu na kuviunganisha viwe hesabu moja ya kundi. Akaniandikia: "Kaka, mbona ule mkopo haulingani kwetu na kwenu?" Nikamjibu: "Ni kiwango cha fedha tu hicho, dada. Wewe funga vitabu, mengine nitayamaliza huku."

Mkopo wenyewe tuliutoa Januari, shilingi milioni 10 za Kenya. Siku zile shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 16 za Tanzania, hivyo Dar wakapokea milioni 160 na kuziandika kuwa deni. Mkataba ulisema watalipa kwa shilingi za Kenya ndani ya miezi 18. Februari, Kenya ikauza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Hofu ikapungua sokoni, na shilingi ya Kenya ikapanda kwa kasi. Kufikia mwisho wa Juni ilikuwa kama 20 za Tanzania.

Kosa la kwanza lilikuwa ndani ya mfumo. Akaunti ya deni kule Dar ilikuwa imefunguliwa kwa TZS, na ingizo la mkopo halikuonyesha popote kwamba kinachodaiwa ni KES. Kila mwisho wa mwezi ERP hupitia masalio ya fedha za kigeni na kuyathamini upya kwa kiwango cha siku ya kufunga. Deni hili ikaliona kama la shilingi za nyumbani, ikaliruka. Likabaki milioni 160 vilevile. Nilipoligawanya kwa 20 likawa milioni 8 za Kenya, ilhali vitabu vyetu vinasema tunadai 10. Katika hesabu za kundi madeni ya ndani hufutwa, kwa kuwa mtu hawezi kujidai mwenyewe. Nilipoyafuta, zikabaki milioni 2 zinaning'inia.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Saa nne usiku nilizipeleka zile milioni 2 kwenye akiba ya tafsiri ya sarafu, nikaandika "tofauti ya kiwango", ripoti ikalingana, nikaenda kulala.

Akiba ile ina kazi yake. Hupokea tofauti inayotokea tunapotafsiri vitabu vya kampuni ya nje kwa sarafu yetu, na tofauti hiyo haipiti kwenye faida ya mwaka. Deni la kulipwa ni jambo jingine kabisa. Dar walipokea milioni 160, na sasa ili walipe inabidi watafute 200. Hizo 40 ni hasara, na kiwango cha uhasibu cha IAS 21 kinataka ionekane kwenye faida na hasara ya kundi hata baada ya deni lenyewe kufutwa. Kwa kiwango cha wastani cha 18, ni kama milioni 2.2 za Kenya. Faida niliyoipeleka mbele ya wakurugenzi ilizidi kwa kiasi hicho, na gawio likapendekezwa juu yake.

Mkaguzi hakuuliza habari za mkopo. Aliniomba nithibitishe akiba: nichukue mali halisi ya Dar mwanzoni mwa mwaka na kuipima kwa badiliko la kiwango kati ya mwanzo na mwisho, kisha faida ya mwaka na kuipima kwa tofauti ya kiwango cha wastani na cha kufunga. Nikafanya. Zikabaki milioni 2 zisizo na maelezo.

Hapo nilijaribiwa tena. Kanuni ina mlango mmoja: kama mkopo haukupangwa kulipwa wala hautarajiwi kulipwa karibuni, unahesabiwa kuwa sehemu ya uwekezaji, na tofauti yake huenda kwenye akiba. Nilianza kuandika barua ya kusema hivyo. Lakini mkataba wa miezi 18 ulikuwa mezani mbele yangu, na sahihi mojawapo ni yangu. Nikaifuta barua, nikamweleza mkaguzi nilichofanya.

Ningeweza kuligundua kosa hilo Julai kwa dakika tano. Ilitosha kulitazama deni kwa sarafu ya mkataba. Kama pande zote mbili zingekubali ni KES milioni 10, kasoro ingekuwa kwenye uthamini upya. Kama zisingekubali, ningejua kuna hati isiyoandikwa. Mimi nilitazama tarakimu zilizokwisha tafsiriwa, na hizo hazisemi lolote kati ya hayo.

Pendekezo la gawio lilirudishwa likapigwa hesabu upya. Nilimpigia simu yule dada, nikamwambia swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa la kumfukuza, nikamwomba radhi. Vitabu vya Dar vikafunguliwa tena, deni likaandikwa KES 10,000,000, likasoma TZS 200,000,000, na lilipofutwa dhidi ya letu hakikubaki kitu.