Simu iliyozimwa Buguruni

Jumanne 2 Septemba 2025, usiku

Simu imekwenda. Nilikuwa nimekaa dirishani kwenye daladala pale Buguruni, foleni imesimama, nasoma ujumbe wa mama. Mkono uliingia, simu ikatoka. Nilipopiga kelele kijana alishavuka barabara.

Nimefika nyumbani natetemeka. Jirani kaniazima simu yake, nikafungua android.com/find. Nenosiri lilikubali, lakini Google ikataka nithibitishe kwenye simu ileile iliyoibiwa. Laini ambayo ingepokea ujumbe wa uthibitisho nayo imo humohumo. Kilichoniokoa ni daftari hili. Mwaka jana nilinakili ukurasa wa mwisho zile namba 10 za akiba ambazo Google humpa mtu, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Nikakata ya kwanza.

Ramani ya Find Hub imeonyesha mahali pa mwisho: Mnyamani, saa 12:36 jioni. Duara lake limefunika nyumba kama thelathini. Nimebonyeza kufunga simu, nikaweka namba ya jirani itokee kwenye kioo. Kisha nikaingia kwenye ukurasa wa ile programu ya kuzuia wizi niliyoilipia. Mahali ni palepale, saa 12:35. Sehemu ya picha za mwizi ni tupu. Taarifa ya kubadilishwa laini, hakuna.

Kaka anataka twende Mnyamani usiku huu. Nimekataa. Nyumba thelathini, tutagonga mlango upi?

Jumatano 3 Septemba

Polisi nimepewa RB. Namba ya IMEI nimeisoma kwenye boksi, maana *#06# inahitaji simu uwe nayo mkononi. Laini nimeirudisha kwa alama za vidole, na simu iliyoko kwa mwizi sasa haiwezi kupokea ujumbe wa benki wala wa pesa za mtandaoni. Hili ningelifanya jana usiku kama duka lingekuwa wazi.

Jumamosi 6 Septemba

Nimekwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi aliyeniuzia ile simu. Nikamuuliza mbona programu niliyoilipia imekaa kimya. Akasema, "Dada, walikuzimia simu. Ikiwashwa tena, hiyo programu yako bado imelala." Sikumwelewa, akachukua simu yake ya majaribio tukaweka programu ileile.

Kwanza alikosea PIN mara tatu huku data ikiwa wazi. Picha yake, pua na kidevu, ikaingia kwenye barua pepe baada ya dakika moja. Nikafurahi. Halafu akaizima, akabadilisha laini, akaiwasha na kuiacha bila kufungua. Tukanywa kahawa. Dakika ishirini, hakuna ujumbe wa laini mpya. Akaweka PIN, na ujumbe ukaja mara moja.

Ndipo akanieleza. Simu ikishawashwa, sehemu kubwa ya vitu vya mwenyewe hubaki imefungwa kwa siri hadi PIN iwekwe mara ya kwanza. Programu isiyotengenezwa kufanya kazi kabla ya hapo haiamki kabisa. Mwizi asiyejua PIN ndiye huyo niliyelipia programu ili anaswe, naye ndiye asiyeiamsha. Akiifuta simu yote kwa vitufe vya pembeni, programu inafutika nayo.

Na chombo cha Google je? Nacho huenda kisiione simu iliyozimwa data, na hakipigi picha ya mtu. Ila kuna jambo moja ambalo kufuta hakuliondoi: simu iliyofutwa kwa vitufe vile, ikiwashwa, inadai akaunti ya mwanzo au PIN ya zamani kabla ya kutumika. Fundi anazo droo mbili za simu za namna hiyo, zimeletwa na watu wanaotaka "afungue", na hazifunguki.

Jumapili 7 Septemba

Nimeifuta kutoka kwenye tovuti. Nilisita, kwa sababu ikishafutika ramani haionyeshi tena mahali. Lakini picha za harusi ya dada zimo, na nakala yake ninayo. Amri inasubiri simu ipate mtandao.

Simu mpya nimeiwekea kwanza ile huduma ya android.com/lock, ambayo hufunga kioo kwa namba ya simu tu bila nenosiri. Inabidi iwashwe mapema, na namba ithibitishwe mapema. Nimeiwasha na ile ya kufunga kioo simu ikikwapuliwa kwa kasi. Kisha nimezuia data kuzimwa juu ya kioo kilichofungwa. Kwenye simu hii mpangilio huo upo. Programu ya kulipia sijaiweka tena. Kwa simu inayosahaulika sebuleni, kitufe cha Find Hub cha kuiliza kwa dakika 5 hata ikiwa kimya kinatosha.

Jumapili 14 Septemba

Nimefungua ramani asubuhi. Bado ni Mnyamani, saa 12:36, siku ileile. Namba za akiba zilizobaki ni tisa.