Besi iliyopotea harusini, na digrii 126 zilizoirudisha

Samahani kwa kimya cha wiki mbili. Kazi yangu, kama mnavyojua, ni kuandika programu, lakini leo nataka kuwaeleza kisa cha rezista moja na kapasita moja ambazo karibu zinivunjie undugu na binamu yangu hapa Mariakani.

Binamu anakodisha muziki wa sherehe. Ana spika mbili kubwa za besi ambazo huzilaza chini, na spika za juu za sauti nyingine zote. Kuna kifaa kinachoitwa krosova ambacho hugawa sauti: chini ya hezi 80 inakwenda kwa spika za besi, juu ya hapo inakwenda kwa spika za juu. Pale penye hezi 80 zenyewe pande zote mbili hufanya kazi pamoja, kila moja ikitoa nusu.

Shida yake ilikuwa hii. Akiwa na kazi, spika za juu huzifunga nyuma ya kanta, na zile za besi huzipanga chini, mbele yake. Nilipima kwa futi kamba nikaona spika za juu ziko nyuma mita 1.5. Na kila mara alilalamika kwamba ngoma ni nyepesi, hata akiongeza sauti.

"Binamu, spika ni nzima, amplifaya ni nzima, lakini besi haipigi kifua," aliniambia.

Sababu ni rahisi ukiwahi kuwaona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja akiinua mchi, mwenzake anashusha. Kwa kutwanga hiyo ni sawa kabisa, lakini kwa spika ni hasara: moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, msikilizaji aliye mbele hapati kitu. Tofauti hiyo ya zamu ndiyo mafundi huiita fezi, na hupimwa kwa digrii. Mzunguko mzima wa wimbi ni digrii 360, kwa hiyo wale watwangaji wawili wametofautiana kwa digrii 180.

Kwenye joto la nyuzi 28 sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Wimbi la hezi 80 basi lina urefu wa 348 / 80, yaani mita 4.35. Mita 1.5 ni kiasi cha 1.5 / 4.35 cha mzunguko, na ukizidisha kwa 360 unapata digrii 124. Yaani sauti ya spika za juu inamfikia mchezaji ikiwa imechelewa digrii 124 nyuma ya ile ya besi. Mawimbi mawili yenye nguvu sawa yakitofautiana hivyo, jumla yake haifiki hata nguvu ya moja peke yake. Binamu alikuwa akichoma mafuta ya jenereta kuendesha pande mbili ili apate sauti ya upande mmoja.

Mtu atauliza, si usogeze spika tu? Kanta ikishaegeshwa na hema likishafungwa, hakuna pa kusogeza. Kuna mashine za kidijitali za kuchelewesha sauti, lakini bei yake binamu aliikataa kabla sijamaliza sentensi. Nikamwambia nitamtengenezea kidude cha opampu moja.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz, injinia wa Hewlett-Packard, alichapisha makala juu ya krosova za spika zisizokaa mahali pamoja. Saketi ninayoieleza hapa ni ya kawaida sana, na spika nyingi za besi za nyumbani zenye kitufe cha kuzungusha fezi huwa na kitu cha aina hii ndani.

Inajengwa hivi. Chukua opampu, mimi nilitumia TL072. Ishara inaingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza inapita rezista ya 10k hadi mguu wa hasi, na rezista nyingine ya 10k inatoka mguu huo hadi kwenye tokeo. Hizi mbili lazima ziwe sawa kabisa, tumia za asilimia 1. Njia ya pili inapita rezista R hadi mguu wa chanya, na kutoka mguu huo kapasita C inashuka hadi ardhi ya saketi. Basi, ni hayo tu.

Uzuri wake ni kwamba haipunguzi wala kuongeza sauti yoyote, ya chini wala ya juu. Inachofanya ni kuchelewesha fezi tu, na kiasi chake ni hiki:

```
fezi = -2 * atan(2 * pi * f * R * C)
```

Iangalie hiyo 2 ya mwanzo. Rezista na kapasita peke yake, bila opampu, haziwezi kuvuka digrii 90. Opampu inachukua sauti ya mguu wa chanya, inaizidisha mara mbili, kisha inatoa sauti ya asili, na hapo ndipo safari nzima inakuwa ya digrii 0 hadi 180.

Mimi nilitaka digrii 124 kwenye hezi 80. Nusu yake ni 62, na tan ya 62 ni kama 1.88. Nikachagua kapasita ya nanofaradi 100, ile ya plastiki iliyoandikwa 104, hesabu ikadai R iwe karibu 37.5k. Dukani iliyokuwepo ni 39k. Nikahakikisha kwa Python:

```python
import math
R = 39e3
C = 100e-9
f = 80
x = 2 * math.pi * f * R * C
print(-2 * math.degrees(math.atan(x)))
```

Jibu ni -125.9. Makosa ya digrii 2 hayasikiki. Hata kapasita ikizidi thamani yake kwa asilimia 10, fezi inasogea kama digrii 4 tu.

Nikauchomea ubao usiku. Nikaupima: volti 1 ndani, volti 1 nje, kwenye hezi 40, 80 na 160. Nikaridhika. Jumamosi ukafungwa kati ya krosova na amplifaya ya besi, harusini, watu wamejaa.

Besi ikapotea kabisa.

Si kupungua, kupotea. Mzee wa upande wa bibi harusi akaja hadi kwenye mikisa. "Vijana, tumelipia muziki au redio ya mkononi?" Salio la malipo lilikuwa bado mfukoni mwake, na binamu alikuwa ananiangalia mimi, si yeye.

Nilitoa tochi nikaangalia ubao. Nilikuwa nimebadilishana R na C. Kapasita iko njiani, rezista ndiyo inayokwenda ardhini. Saketi hiyo nayo ni halali na nayo haibadilishi nguvu ya sauti, ndiyo maana vipimo vyangu vya volti vilisema yote ni sawa. Lakini fezi yake ni nyingine:

```
fezi = 180 - 2 * atan(2 * pi * f * R * C)
```

Yaani 180 kutoa 125.9, sawa na digrii 54 za kutangulia. Badala ya kuichelewesha besi iwasubiri wenzake walio nyuma kwa digrii 124, mimi nimeisukuma mbele digrii 54. Jumlisha: 178. Wale watwangaji wa kinu, karibu kamili.

Na hapo hapo hesabu ikaniokoa. Saketi mbili hizi zinatofautiana kwa digrii 180 tu, kwenye kila hezi. Na digrii 180 hazihitaji kifaa, ni kugeuza waya. Nilimwambia binamu azime amplifaya ya besi, nikabadilishana waya mwekundu na mweusi za spika zote mbili za besi. 54 kutoa 180 ni kutoa 126. Tukawasha. Sitaki kusema mengi, ila vikombe vya chai mezani vilianza kutembea. Mzee alilipa salio lote, ingawa binamu hakunisemesha hadi tulipofika kwenye mizani ya Mariakani, tukirudi nyumbani.

Funzo nililobaki nalo ni kwamba saketi ya aina hii huwezi kuihukumu kwa kupima nguvu ya tokeo. Ndani 1, nje 1, hata ukiwa umekosea kabisa. Lakini kuna njia rahisi ambayo ningeitumia usiku ule. Weka sauti ya hezi 80 kutoka kompyuta, volti 1. Kisha usipime tokeo na ardhi: weka ncha moja ya mita kwenye ingizo na nyingine kwenye tokeo. Volti utakazoona ni mara mbili ya sin ya nusu ya fezi. Kwa digrii 126 utasoma volti 1.78. Kwa saketi yangu mbovu ingesoma 0.91. Zinatofautiana karibu mara mbili, huwezi kukosea. Angalia tu kwamba mita yako ina kipimo cha AC cha volti 2, maana zile za bei rahisi sana huanzia 200 na hazitakuambia kitu.

Nisiwadanganye, dawa hii ina mipaka. Umbali wa mita 1.5 unachelewesha digrii 93 kwenye hezi 60 na 155 kwenye hezi 100, wakati saketi inatoa 112 na 136. Zinapishana kwa takriban digrii 20 kila upande, jambo ambalo sikio halilitambui, na mbali zaidi ya hapo upande mmoja unakuwa umenyamaza kwa kazi ya krosova. Pia hesabu ni ya walio mbele ya kanta. Aliyekaa pembeni ana umbali wake mwingine, na yeye atasikia vingine.

Siku hizi binamu ana kitufe cha 50k mahali pa ile 39k, anakizungusha hadi besi ijae. Waya za spika nimezirudisha zilivyokuwa, na R na C ziko mahali pake. Ubao ule wa zamani ninao mezani, nimeuandikia kwa kalamu nyeupe: 0.91.

Haya, tuonane wiki ijayo. Ukiujenga nawe, niambie mita yako ilisoma ngapi.