Mbegu ya Dukani na Punje za Ghalani

Masika iliyopita niliigawa ekari yangu nusu kwa nusu. Upande mmoja nilipanda kilo 5 za mahindi chotara yaliyothibitishwa, kwa shilingi 1,250. Wa pili nilipanda punje nilizobakiza kutoka mavuno ya chotara hayo hayo. Sokoni zingeuzwa shilingi 250. Mbolea na palizi vilikuwa sawa. Alhamdulillahi, mvua ilikuja: mbegu ya dukani ilitoa magunia 4, punje za ghalani 3, mabua hayalingani, kwani nguvu ya chotara hupungua punje zake zikipandwa tena. Kwa shilingi 1,000 zaidi nilipata gunia la shilingi 3,500. Lakini mvua ingekatika, shilingi 1,250 zingezama badala ya 250. Kwa hivyo sikukopa.