Salio ni la Nani?

Neno "salio" lina sura mbili. Kwa mhasibu, salio ni deni lililobaki. Kwa mwenye simu ya mkononi, salio ni fedha zake zilizomo ndani. Basi mgonjwa akipelekewa ujumbe usemao "Jumla 486,000. Bima 310,000. Salio 176,000. Lipa ndani ya siku 7", anaweza kudhani kuwa hospitali inamrudishia fedha, kisha akashangaa anapoambiwa alipe.

Ujumbe huo niliuona mwaka jana. Aliniletea mhasibu wa hospitali moja ya binafsi, ambaye zamani nilimfundisha chuo cha ualimu. "Mwalimu," alisema, "watu wanakuja dirishani wakigomba. Hebu nisahihishie Kiswahili."

Kiswahili hakikuwa na kosa la sarufi. Kilichokosekana ni jibu la swali la mgonjwa: kwa nini nilipe, nami nina bima? Nikamwomba anifungulie hesabu ile. Kumbe dawa mbili hazikuwamo katika orodha ya bima, sh. 96,000, na mgonjwa alilala chumba cha daraja la juu kuliko kile kinacholipiwa, nyongeza sh. 80,000. Hizo ndizo 176,000. Tukaandika:

"Pole kwa kuugua. Gharama zote za matibabu yako ni sh. 486,000. Bima imekubali kulipa sh. 310,000. Unayodaiwa wewe ni sh. 176,000: dawa mbili zisizolipiwa na bima sh. 96,000, na nyongeza ya chumba sh. 80,000. Kama huwezi kulipa kwa mara moja, fika uhasibu tupange awamu."

Mhasibu alitaka tuseme "bima imelipa". Nilimkatalia. Siku ile bima ilikuwa imekubali tu. Fedha zilikuwa bado hazijafika. Endapo baadaye ingekataa sehemu ya madai, mgonjwa angeleta ujumbe wetu na kusema, "Mliniambia imelipwa", naye angekuwa na haki.

Alilalamikia pia urefu. Ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160, pamoja na nafasi. Wetu unapita hapo, na hospitali hutozwa zaidi. Nilimwuliza ni gharama ipi kubwa: hiyo, au karani kueleza jambo lile lile dirishani asubuhi nzima?

Lakini kuna jambo ambalo maneno hayawezi kulitengeneza. Mashine hutuma ujumbe kwa namba iliyoandikishwa, hata kama mwenyewe amefariki, na simu yake sasa anaishika mjane. "Pole kwa kuugua" ikifika matangani ni msumari wa moto juu ya kidonda. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kabla ya kutuma, karani alinganishe majina na daftari la wodi. Aliyefiwa hatumiwi ujumbe. Mazishi yakishapita, mtu humpigia simu, hutoa pole kwanza, ndipo huzungumza habari ya deni.